Pensheni ya Uingereza, matumizi ya Mombasa: jinsi ya kuleta pauni nyumbani bila kuzipoteza njiani

Dada yangu alirudi Mombasa mwaka 2025 baada ya kuhudumia wazee kwa miaka 24 katika nyumba za kulelea wazee huko Leicester. Mimi nilikaa miaka kumi na moja kwenye dirisha la fedha za kigeni katika benki moja hapa mjini, kwa hiyo aliniletea bahasha yake ya makaratasi hata kabla hajafungua masanduku. Mwongozo huu umetokana na kazi tuliyoifanya juu ya bahasha ile. Tarakimu za pensheni ni za Uingereza na za benki ni za Kenya, lakini anayerudi Tanga, Kampala au Bujumbura ataona mambo mengi yanafanana.

Jambo ninalotaka ulielewe kabla ya hatua zenyewe ni hili. Wengi wanaorudi hukesha wakiuliza kama leo ni siku nzuri ya kubadilisha pauni. Swali hilo halina jibu, hata kwa sisi tuliokuwa dirishani. Swali lenye jibu ni: matumizi yangu yanalipwa kwa fedha gani, na ni kiasi gani cha pensheni kinaliwa kati ya Uingereza na mfuko wangu?

Hatua ya kwanza: jua pensheni yako ni kiasi gani, na kwamba haitaongezeka

Pensheni mpya ya serikali ya Uingereza, kwa mtu aliyefikisha umri wa kustaafu tangu tarehe 6 Aprili 2016, hutaka michango ya miaka 35 ili upate kiwango kamili, na angalau miaka 10 ili upate chochote. Mwaka wa fedha wa 2025/26 kiwango kamili kilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Dada ana miaka 24, kwa hiyo hesabu ya haraka ni 24 kugawa kwa 35, mara 230.25: karibu pauni 158 kwa wiki. Aliyefanya kazi miaka mingi kabla ya 2016 asitegemee hesabu hii peke yake, maana kuna kanuni za mpito. Aombe makadirio rasmi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza akiwa bado huko, wakati simu yake na anwani yake bado zinafanya kazi.

Malipo hayaji kwa mwezi. Huja kila wiki nne, au kila wiki 13 ukichagua hivyo. Dada alichagua wiki nne, na kila malipo ni pauni 631. Kwa mwaka ni malipo 13, si 12, kwa hiyo ukigawa kwa miezi unapata wastani wa pauni 684. Mtu asiyejua hili hushangaa kuona tarehe ya malipo inawahi zaidi kila mara na kodi ya nyumba inamkuta mkono mtupu.

Sasa jambo linalouma. Uingereza hupandisha pensheni kila Aprili, lakini si kwa kila anayeishi nje. Aliyeko Ulaya, Marekani au hata Morisi hupandishiwa. Aliyeko Kenya, Tanzania au Uganda hapandishiwi. Kiwango chake hubaki pale kilipokuwa alipohamia, au pale alipoanza kulipwa akiwa huku. Mtu aliyeanza kupokea kiwango kamili akiwa Kenya mwaka 2022 alianzia pauni 185.15 kwa wiki, na mwaka 2025 bado alikuwa anapokea 185.15 hiyo hiyo, wakati mwenzake aliyebaki Leicester alikuwa amefika 230.25. Ni tofauti ya pauni 45 kila wiki kati ya watu waliochanga sawasawa. Naliona ni jambo la dhuluma, na wazee wengi wamelilalamikia kwa miaka. Lakini ukipanga maisha, panga kwa sheria iliyopo.

Hatua ya pili: pima matumizi yako kwa kiwango kibaya, si kwa cha leo

Tulikaa barazani na daftari, tukachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja matumizi ya shilingi, upande wa pili matumizi ya pauni. Shilingi za mwezi zilikuwa hivi: chakula, umeme, maji na gesi 34,000, msaidizi wa nyumbani 13,000, dawa za presha na sukari 9,000, bima ya afya 6,000, nauli, misiba na harusi 10,000. Jumla 72,000. Upande wa pauni ulikuwa na kitu kimoja tu, pauni 90 za kumsaidia mwanawe wa mwisho ambaye bado anasoma huko.

Hizo pauni 90 hazina haja ya kuja Kenya kabisa. Kuzigeuza shilingi kisha kuzirudisha pauni ni kulipa njia mara mbili. Zilizobaki, 594, ndizo zinazogeuzwa. Kwa pauni moja kwa shilingi 170, ambacho ndicho kiwango tulichokifanyia hesabu mwaka huo, ni karibu shilingi 101,000. Zinatosha na zinabaki.

Lakini kumbuka yaliyotokea mwaka 2024. Mwishoni mwa Januari pauni ilikuwa karibu shilingi 205. Februari serikali ya Kenya ikauza hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kulipa sehemu ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, hofu ikaondoka sokoni, na kufikia mwisho wa Machi pauni ilikuwa karibu 166. Malipo ya pauni 631 yaliyokuwa yanatoa shilingi 129,000 yakatoa 105,000. Hakuna aliyekatwa hata senti moja ya pauni. Nakumbuka wazee waliokuja dirishani wakidai benki imewaibia. Shilingi yao wenyewe ndiyo iliyopata nguvu, na waliokuwa wamekopa au kupandisha mshahara wa fundi kwa hesabu ya 205 ndio walioumia.

Kwa hiyo tulirudia hesabu ya dada kwa 140. Pauni 594 zinakuwa 83,000. Bado zinazidi 72,000. Kama zisingetosha, ningemwambia apunguze matumizi ya kudumu sasa, mapema, kuliko kungoja soko limlazimishe.

Halafu tukafanya hesabu ya pili, ambayo watu wengi huiruka. Bei hapa hupanda, pensheni haipandi. Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumuko wa bei ulio karibu na asilimia 5. Ukiongeza asilimia 5 kila mwaka juu ya 72,000, mwaka wa saba unafika 101,000, yaani shilingi zile zile ambazo pensheni yake inatoa leo. Kuanzia hapo pensheni haitoshi tena, isipokuwa shilingi iwe imedhoofika na kumfidia, na hilo hakuna anayeliahidi. Dada alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ile akiba nisiimalize kwenye nyumba?" Ndiyo. Akiba ndiyo itakayojaza pengo la mwaka wa nane na kuendelea.

Hatua ya tatu: chagua pensheni iingie wapi

Ukiwasiliana na kituo cha pensheni cha kimataifa cha Uingereza, utaulizwa kama unataka kulipwa kwenye akaunti ya Uingereza au ya nchi unayoishi. Ukichagua ya nchi unayoishi, fedha huja zikiwa zimekwisha kugeuzwa. Ni rahisi kwa mzee asiyetaka shughuli za mtandao, na kwa mtu wa namna hiyo silipingi. Lakini wewe huchagui siku wala kiwango, na huwezi kuacha pauni 90 za mtoto kule.

Kwa dada tulichagua akaunti ya Uingereza. Sharti lake ni kwamba benki ikubali kumhudumia mteja anayeishi Kenya. Benki nyingine hufunga akaunti za waliohama, wakati mwingine kwa barua iliyotumwa kwenye anwani ya zamani. Usifiche kwamba umehama ukitumia anwani ya rafiki. Waulize kabla hujaondoka, kwa maandishi, na kama hawakubali fungua kwingine ukiwa bado una bili za nyumba za kuonyesha makazi. Hakikisha pia kwamba namba za siri za kuthibitisha malipo zitafika kwenye simu yako ya Kenya, kwa sababu laini ya kule ikikatika na akaunti inangoja ujumbe, umefungiwa nje ya fedha zako mwenyewe.

Huku nyumbani fungua akaunti mbili kwenye benki moja: ya shilingi na ya pauni. Sheria ya Kenya ya kudhibiti fedha za kigeni ilifutwa mwaka 1995, kwa hiyo mkazi yeyote anaweza kushika akaunti ya pauni. Kenya haitumii IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa. Utahitaji jina lako kama lilivyo kwenye akaunti, namba ya akaunti, tawi na msimbo wa SWIFT. Majina yawe sawasawa na ya pasipoti. Dada alikuwa na jina la ndoa kule na la baba huku, na fedha za kwanza zilikaa siku tisa zikihojiwa.

Hatua ya nne: pima gharama ya njia kwa hesabu moja

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hupotea kimyakimya. Kampuni inaweza kutangaza kwamba haitozi ada, kisha ikakupa kiwango cha chini kuliko cha soko. Benki inaweza kukupa kiwango kizuri, kisha benki ya katikati ikakata pauni 15 njiani. Usibishane na tangazo. Fanya hesabu hii:

```
kiwango halisi = shilingi zilizoingia / pauni zilizotoka
```

Kisha linganisha na kiwango cha wastani ambacho Benki Kuu ya Kenya hukitangaza kila siku ya kazi kwenye tovuti yake.

Malipo ya kwanza ya dada yalipitia benki hadi benki. Siku hiyo wastani ulikuwa 170. Zilitoka pauni 631. Benki ya kule ilikata, ya katikati ikakata, jumla pauni 30. Zilizofika, 601, ziligeuzwa kwa 165. Zikaingia shilingi 99,165. Gawa kwa 631: kiwango halisi ni 157. Alikuwa akiniambia amebadilishiwa kwa 165, kwa sababu ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi.

Malipo ya pili tulipitisha kwa kampuni ya kutuma fedha yenye leseni, ada pauni 4, kiwango 169.2. Zikaingia shilingi 106,088, kiwango halisi 168. Tofauti ni karibu shilingi 6,900 kwa malipo mamoja. Zidisha kwa malipo 13 ya mwaka unapata shilingi 90,000, zaidi ya matumizi yake ya mwezi mzima. Hakuna soko ambalo ungelibahatisha kwa uhakika huo.

Mambo mawili hutokea mara nyingi kwenye njia ya benki. La kwanza, pauni hugeuzwa dola kwanza, kisha dola zikageuzwa shilingi, na kila mgeuzo una faida ya mtu. Utalitambua ukiona dola popote kwenye karatasi ya malipo. La pili ni kisanduku cha ada kwenye fomu ya kutuma: `SHA` maana yake mnagawana, `OUR` analipa mtumaji, `BEN` analipa mpokeaji. Wewe ni mtumaji na mpokeaji, kwa hiyo chagua ile ambayo jumla yake ni ndogo, na uulize jumla kabla ya kubonyeza.

Kwa malipo ya ukubwa huu M-Pesa nayo inatosha, maana ukomo wake ni shilingi 250,000 kwa muamala na 500,000 kwenye mfuko. Kwa akiba ya nyumba haitoshi.

Hatua ya tano: leta akiba kwa awamu za kazi, si kwa awamu za bahati

Dada alirudi na pauni 22,000 za akiba. Nyumba ya baba pale Bamburi ilikuwa imefika kwenye linta. Fundi alikadiria shilingi milioni 1.4 kumaliza: kuezeka mabati, kupiga lipu, madirisha na milango, mabomba na umeme. Shemeji mmoja alimshauri alete zote mara moja "kabla shilingi haijapata nguvu tena". Rafiki yake wa kule akamwambia asilete chochote hadi pauni ifike 200. Wote wawili walikuwa wanacheza kamari na fedha za mwanamke wa miaka 66.

Tuligawa hivi. Shilingi 216,000, sawa na matumizi ya miezi mitatu, zililetwa mara moja na kuwekwa kando. Hizi ndizo zinazompa uhuru wa kuruka malipo moja au mawili kiwango kikiwa kibaya sana, au mtandao ukiwa umekwama. Kisha milioni 1.4 zililetwa kwa mafungu manne ya 350,000, kila fungu wiki moja kabla ya fundi kuanza hatua yake. Kwa viwango vinne tofauti alipata wastani, si bora wala si mbaya kabisa. Faida ya pili sikuitarajia: fundi alipojua fedha za mabati pekee ndizo zilizopo, hakuomba malipo ya mbele ya madirisha.

Kanuni tuliyoifuata ni kwamba fedha zenye matumizi ya shilingi ndani ya mwaka mmoja na nusu zigeuzwe bila kungoja. Zile ambazo matumizi yake bado yako mbali zisigeuzwe zote upande mmoja. Baada ya nyumba na akiba ya miezi mitatu alibakiwa na pauni 12,500 hivi. Nusu imebaki pauni. Nusu nyingine imegeuzwa na kuwekwa kwenye dhamana za serikali za siku 91, ambazo mtu hununua mwenyewe kupitia mfumo wa Benki Kuu unaoitwa DhowCSD, kuanzia shilingi 50,000.

Usivutwe na riba peke yake. Katikati ya 2024 dhamana hizo zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16, na waliozigeuza pauni zao zote wakadhani wamepata pensheni ya pili. Kufikia mwisho wa 2025 zilikuwa chini ya asilimia 8, na kodi ya asilimia 15 hukatwa kwenye riba hiyo. Shilingi hulipa riba kubwa kuliko pauni kwa sababu anayeishika anabeba hatari ya kushuka kwake.

Fedha zikiwa benki kumbuka pia kinga yake. Kenya, mfuko wa bima ya amana hulipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki ikianguka. Fungu la nyumba likizidi hapo, lisikae muda mrefu.

Benki itauliza fedha zilitoka wapi. Usikasirike, ndiyo sheria ya kuzuia utakatishaji fedha. Rudi na hati za mishahara, taarifa za akaunti za miaka michache na barua ya pensheni. Na usibebe noti mwilini: anayevuka mpaka na zaidi ya thamani ya dola 10,000 lazima atangaze kwa forodha.

Hatua ya sita: pensheni ya mwajiri iache ilipo

Tangu 2012 waajiri wa Uingereza walianza kulazimika kuwaingiza wafanyakazi kwenye pensheni ya kazini, na dada alikuwa na karibu pauni 16,000 humo. Mwezi wa pili tangu arudi alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole akimwambia anaweza "kuihamishia nyumbani" yote, bila kodi. Alikuwa ameshaanza kujaza fomu.

Kuhamishia pensheni ya Uingereza kwenye mfuko wa nje kunaweza kukatwa asilimia 25 papo hapo. Mfuko usipokuwa kwenye orodha inayotambuliwa na mamlaka ya kodi ya Uingereza, makato yanaweza kufika asilimia 55. Mwenye sauti ya upole hachangii makato hayo. Fedha zikiwa za pauni 16,000, hakuna sababu ya kuzihamisha: mwenye umri wa miaka 55 na zaidi (itakuwa 57 kuanzia Aprili 2028) anaweza kuzichukua kidogo kidogo zikiwa hapo hapo, na kwa kawaida robo yake haitozwi kodi kule.

Mara ya kwanza kuchota, tegemea kukatwa kodi kubwa kupita kiasi, kwa sababu mfumo wao hudhani utachota kiasi kile kile kila mwezi. Dada alichota pauni 500 tu kwanza ili mfumo upate namba yake sahihi ya kodi. Ukikatwa zaidi, fomu ya kudai marejesho kwa aliyechota sehemu tu ni P55. Kenya ina mkataba na Uingereza wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, na madai yake hupitia KRA kuthibitisha ukazi. Tanzania haina mkataba kama huo, kwa hiyo anayerudi huko amwone mshauri wa kodi kabla ya kuchota fedha nyingi.

Hatua ya saba: cheti cha uhai

Mara kwa mara Uingereza hutuma kwa posta fomu ya kuthibitisha kwamba bado u hai. Unasaini mbele ya shahidi anayekubalika, naye anasaini, unairudisha. Isiporudi, malipo husimamishwa. Hakuna aliyekunyang'anya haki, lakini unaweza kukaa bila shilingi kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo ile akiba ya miezi mitatu huonyesha kazi yake.

Tatizo ni posta. Dada alikuwa ametoa sanduku la posta la shule aliyokuwa akifundisha marehemu baba, na hakuna aliyelifungua tangu afariki. Tulikodi sanduku lake mwenyewe, akatuma anwani mpya, na sasa kila malipo yanapoingia huandika mstari mmoja kwenye daftari: tarehe, pauni zilizotoka, shilingi zilizoingia, kiwango halisi, kiwango cha Benki Kuu. Ukurasa wa ndani wa jalada ameandika kwa wino mwekundu tarehe aliyorudisha cheti cha mwisho na namba ya risiti ya rejista ya posta.